Kikombe hakijui makro: namna ya kupima smuthi, siagi ya karanga na maharage ya nazi

Ninaowasaidia kupanga mlo huniletea hesabu safi kabisa kwenye simu, lakini walichokula ni kitu kingine. Mara nyingi kosa liko kwenye kikombe. Kikombe kinapima nafasi, ilhali makro, yaani protini, wanga na mafuta, huhesabiwa kwa gramu. Kwa maji hakuna shida, maana mililita 100 ni gramu 100, na maziwa yanazidi kidogo tu. Shida inaanza kwenye povu, kwenye kitu kizito, na kwenye chakula chenye vipande.

Hatua ya 1: Mizani

Tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja na kubeba kilo 5. Ile ya mshale haifai kwa kazi hii. Mizani ikiwa na kitufe cha `ml`, usikiguse: haipimi ujazo, inachukua uzito na kudhani umeweka maji au maziwa. Ukiiwekea asali itakudanganya, kwa kuwa mililita 100 za asali zina uzito wa gramu 140 hivi.

Hatua ya 2: Vyenye povu

Pima kila kiungo kabla hujawasha blenda, jagi likiwa juu ya mizani, ukibonyeza `TARE`, kitufe kinachorudisha mizani kwenye sifuri, kila baada ya kiungo. Chukua mfano wa ndizi zilizomenywa gramu 230, maziwa gramu 400 na siagi ya karanga gramu 40. Jumla ni gramu 670, zenye kalori 685 hivi na protini gramu 25.

Blenda ikishazunguka, hewa inaingia na smuthi inapanda. Kikombe cha mililita 250 ukikijaza papo hapo kinaweza kubeba gramu 190 tu, yaani kalori 195 na protini gramu 7. Ukisubiri povu litulie, kikombe hicho hicho kinabeba karibu gramu 250: kalori 255, protini gramu 9. Kwa hiyo gawa kwa uzito. Gramu ulizomimina, gawanya kwa 670, zidisha kwa jumla ya makro.

Hatua ya 3: Vizito

Kijiko cha siagi ya karanga kinaweza kuwa gramu 16 kikisawazishwa, au 30 kikiwa na kilima. Weka chupa nzima kwenye mizani, bonyeza `TARE`, kisha chota. Mizani ikisoma `-24`, umechukua gramu 24. Kilichobaki kwenye kijiko, lamba, maana kimeshahesabiwa.

Hatua ya 4: Vyenye vipande

Hapa ndipo watu wanapotea, na hata mizani peke yake haitoshi.

Tuseme umepika maharage makavu gramu 500 kwa tui zito gramu 400 na mafuta gramu 30. Yakiiva, maharage yenyewe yanafika gramu 1,200 hivi, na mchuzi tuuchukue gramu 800. Protini karibu yote iko kwenye maharage, kama gramu 9 kwa kila 100. Mafuta yako kwenye mchuzi: tui lenye mafuta asilimia 20 linatoa gramu 80, ongeza zile 30, unapata kama gramu 14 kwa kila 100 za mchuzi.

Sasa chota gramu 250. Upawa ukipita chini, unaweza kutoa maharage 190 na mchuzi 60: protini 17, mafuta 8. Ukichota juu, maharage 80 na mchuzi 170: protini 7, mafuta 24. Uzito ni ule ule, mlo ni tofauti kabisa. Aliyepakuliwa wa kwanza na aliyekomba sufuria hawawezi kuandika namba moja.

Kwa hiyo weka chujio juu ya bakuli, chota sehemu yako, acha mchuzi uchuruzike dakika moja, pima maharage, kisha rudisha mchuzi unaoutaka huku ukiupima. Sufuria ya familia huigusi.

Kuna mambo ya kuangalia. Pima sufuria tupu kabla ya kupika, uandike uzito wake mahali; uzito wa mchuzi utaupata kwa kutoa sufuria na makadirio ya maharage yaliyoiva, kama yale 1,200, kutoka kwenye uzito wote. Pima baada ya kuiva, kwa kuwa maji yanapungua motoni, na ukipasha kesho yatapungua tena: mafuta ni yale yale ndani ya mchuzi mchache. Tui likipoa huganda juu, kwa hiyo pasha na ukoroge kwanza. Wanga kidogo huvuja kutoka kwenye maharage kuingia kwenye mchuzi, hivyo namba hizi ni makadirio ya karibu.

Maharage yakipondeka hadi kuwa rojo, chujio halina kazi. Koroga kutoka chini, pima sehemu yako, gawa kwa uzito wa chakula chote kilichomo sufuriani, zidisha kwa jumla ya makro. Kwa ndizi nyama, toa nyama uipime peke yake.