Nani alisema nini: kutafsiri usemi halisi na usemi wa taarifa kati ya Kiswahili na Kiingereza

Makosa mengi ya tafsiri msomaji huyaona mara moja, kwa kuwa sentensi inachechemea. Kosa la kuhamisha kauli halionekani. Sentensi inatoka safi, sarufi iko sawa, ila ahadi ya Asha imekuwa ya Rehema, au neno la shahidi limewekwa kinywani mwa mshtakiwa. Ndiyo maana mwongozo huu unashughulikia jambo moja tu: viambishi nafsi ndani ya maneno yaliyoripotiwa, hasa pale watu wa nafsi ya tatu wanapokuwa wawili au zaidi.

Kiswahili hutumia a- na -m- kwa kila mtu, awe mwanamume au mwanamke, awe ndiye aliyesema au ndiye aliyesemwa. Kiingereza hulazimisha kuchagua jinsia, lakini hakina kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi. Kwa hiyo ukihamisha kiambishi kwa kiwakilishi, kimoja kimoja, utapotea. Njia ya salama ni kurudi kwenye maneno yalivyotamkwa, kisha kuyajenga upya katika lugha ya pili.

Tutatumia kifungu hiki kutoka kwenye maelezo ya shahidi. Shahidi si Asha wala Rehema, na wote wawili ni wanawake.

"Asha alimpigia Rehema akamwambia kwamba ameshapokea mzigo na kesho nitakuletea pesa zako. Akajibu sawa, ila mwenye duka amesema hatafungua kesho."

Hatua ya 1: Orodhesha vinywa

Kabla ya kutafsiri neno lolote, andika pembeni kila kitenzi cha kusema na ukipe namba: kinywa gani, sikio gani. Katika kifungu chetu viko vinne. Cha kwanza ni shahidi anayesimulia, ambaye hana kitenzi lakini yupo. Cha pili ni *akamwambia*: Asha kwa Rehema. Cha tatu ni *akajibu*: Rehema kwa Asha. Cha nne ni *amesema*: mwenye duka, kwa mtu ambaye hatajwi.

Angalia *akajibu* kwa makini. Kiambishi -ka- katika masimulizi kwa kawaida huendelea na mtendaji yuleyule, ndiyo maana *alimpigia* na *akamwambia* vyote ni vya Asha. Lakini katika majibizano hubadili zamu bila kutangaza. Msomaji wa Kiswahili anaelewa kwamba anayejibu ni yule aliyeambiwa. Msomaji wa Kiingereza, akikutana na kiwakilishi cha kike hapo, atarudi kwa Asha, kwa sababu ndiye aliyekuwa anazungumza. Basi jina la Rehema lazima liandikwe, ingawa Kiswahili hakikuliandika.

Hatua ya 2: Tafuta mahali sauti inapogeuka

Shuleni tunafundishwa kwamba *kwamba* na *kuwa* hufungua usemi wa taarifa. Katika maandishi yaliyohaririwa, ndivyo. Katika maelezo ya mdomo yaliyoandikwa yalivyo, *kwamba* hufungua mlango tu, na msemaji anaweza kuingia kwenye usemi halisi katikati ya sentensi bila alama yoyote. Hicho ndicho kilichotokea kwetu: *ameshapokea* ni usemi wa taarifa, *nitakuletea* ni usemi halisi.

Dalili ni mabadiliko ya nafsi. Ukiona ni-, u- au -ku- baada ya kitenzi cha kusema, jiulize kama nafsi hiyo ni ya aliyenukuliwa au ya msimulizi. Hapa jibu ni rahisi: shahidi hamdai mtu wala hadaiwi, kwa hiyo ni- ni Asha na -ku- ni Rehema. Si kila mara jibu huwa rahisi. Shahidi akisema "Juma aliniambia nitalipa", zipo njia mbili. Ama Juma aliahidi, "Nitalipa", ama Juma alimwambia shahidi, "Utalipa." Deni linahama mtu mzima kwa herufi mbili. Vivyo hivyo "alisema tutalipa": huenda shahidi yumo kwenye tu- hiyo, huenda hayumo. Muktadha usipoamua, muulize aliyetoa maelezo. Usipoweza kumuuliza, andika maana zote mbili kwenye tanbihi ya mtafsiri na usichague ile inayopendeza zaidi.

Hatua ya 3: Rudisha kila kauli kinywani

Sasa iandike kila kauli kama ilivyotamkwa, kwa nafsi ya kwanza na ya pili, katika lugha ileile ya asili:

Asha kwa Rehema: "Nimeshapokea mzigo. Kesho nitakuletea pesa zako."
Rehema kwa Asha: "Sawa, ila mwenye duka amesema hatafungua kesho."
Mwenye duka: "Sitafungua kesho."

Hapa ndipo shaka zilizojificha hujitokeza. *Ameshapokea* yaweza kurudishwa kama "Nimeshapokea" au "Umeshapokea", na kisarufi zote zinakubalika. Kinachoelekeza ni maneno yanayofuata: anayeahidi pesa ndiye aliyepata mzigo. Ukikosa sababu ya namna hiyo ya kushika, hiyo ni shaka halisi na inahesabiwa kama ile ya *nitalipa*.

Hatua ya 4: Jenga upya kwa Kiingereza

```
Asha phoned Rehema and told her that she, Asha,
had already received the goods and would bring
Rehema her money the next day. Rehema replied
that this was fine, but that the shop owner had
said he or she would not open the next day.
```

Jina la Asha limerudiwa kwa sababu wanawake ni wawili. Wangekuwa Asha na Juma, kiwakilishi cha Kiingereza kingetosha chenyewe. Usemi halisi wa *nitakuletea* umegeuzwa kuwa wa taarifa, kwa kuwa Kiingereza hakiruhusu nafsi igeuke katikati bila alama za kunukuu. Katika hadithi ningeweka alama hizo na kuiacha sauti ya Asha isikike. Katika maelezo ya ushahidi nazikwepa, kwani msomaji huzichukua kama hakikisho la maneno halisi, na asilia haikuziweka. Badala yake weka tanbihi kwamba asilia inaingia nafsi ya kwanza hapo.

Jinsia ya mwenye duka haijulikani. Kiwakilishi cha wingi ambacho Kiingereza hukitumia kwa mtu asiyejulikana jinsia hakifai hapa, maana watu wawili wametangulia kutajwa na msomaji atadhani ni Asha na Rehema. Kuandika kwamba duka halitafunguliwa nako kunamfuta mtendaji: alisema *yeye* hatafungua, hakusema kwamba hakuna mwingine atakayefungua. Ule mchanganyiko wa jinsia mbili ni mzito masikioni, lakini hausemi chochote ambacho asilia haikusema. Ukipata jibu la jinsia yake, ufute.

Hatua ya 5: Wakati

Kiingereza hurudisha wakati nyuma ndani ya usemi wa taarifa. Kiswahili cha kawaida hubaki na wakati wa aliyesema.

```
She said she was ill.
```

Tafsiri yake kwa kawaida ni "Alisema anaumwa", kwa sababu alichotamka ni "Ninaumwa." Ukiandika "Alisema alikuwa anaumwa", umesema ugonjwa ulikuwa wa kabla ya mazungumzo. Upande wa pili, ukitafsiri "Alisema anaumwa" na kuuacha wakati uliopo katika Kiingereza, wewe mtafsiri unaonekana kuthibitisha kwamba bado ni mgonjwa hadi leo.

Gumu zaidi ni wakati ujao. Vitabu vingi vya shule hufundisha kugeuza -ta- kuwa -nge-, yaani "Nitalipa" iwe "Alisema angelipa." Kanuni hiyo ina watumiaji wengi na si kosa. Shida ni kwamba "angelipa" ndiyo pia taarifa ya "Ningelipa", maneno ya mtu ambaye hakuweza kulipa. Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza hakuna hasara, kwani Kiingereza nacho kina neno moja kwa yote mawili, na utata unavuka kama ulivyo. Kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, inapoeleweka wazi kwamba ni ahadi, tumia -ta-: "Alisema atalipa." Weka -nge- pale tu sharti linapokuwepo kweli.

Maneno ya wakati na mahali hufuata njia ileile. *Kesho* ya Asha ni kesho yake siku ile ya simu, si kesho ya msomaji. Hivyo ndivyo ilivyotafsiriwa hapo juu. Ukiwa unaandika Kiswahili na siku ya kusemwa ni tofauti na siku ya kuandikwa, tumia "kesho yake" au "siku iliyofuata", na *hapa* iwe "pale" kama msimulizi hayuko mahali hapo.

Hatua ya 6: Njia ya kurudi

Kuja Kiswahili, tatizo linapinduka. Jinsia iliyokuwa inatenganisha watu inayeyuka.

```
Asha told Juma that he had lost the key and that
she would report him if he said it was hers.
```

Kiambishi kwa kiwakilishi kinatoa hiki: "Asha alimwambia Juma kwamba amepoteza ufunguo na atamripoti akisema ni wake." Hakuna awezaye kujua ufunguo ni wa nani wala nani kaupoteza. Wengi hukimbilia "Juma ndiye aliyepoteza". Lakini *ndiye* inatia mkazo wa kumtenga Juma na wengine, na asilia haina mkazo huo. Rudia majina bila kuongeza kitu: "Asha alimwambia Juma kwamba yeye Juma amepoteza ufunguo, na kwamba Juma akisema ufunguo ni wa Asha, Asha atamripoti." Ni sentensi ndefu kidogo, na kila tendo lina mwenyewe.

Upo pia utata unaopatikana katika lugha zote mbili. "Juma alimwambia Hamisi kwamba mkewe anaumwa" haisemi mke ni wa nani, na Kiingereza chake hakisemi pia. Huo uache. Kuufafanua ni kuongeza habari.

Hatua ya 7: Kagua kwa kinywa, si kwa neno

Funika asilia. Chukua tafsiri yako peke yake na urudie Hatua ya 3: irudishe kila kauli kwenye nafsi ya kwanza, safari hii kutoka lugha uliyotafsiria. Kisha linganisha orodha mbili, mstari kwa mstari: nani kasema, kwa nani, nani atatenda, nani atatendewa, lini. Ikiwa mstari wa tafsiri unaweza kurudishwa kwa njia mbili ilhali wa asilia una moja, umepoteza mtu. Ikiwa wa asilia una njia mbili na wako una moja, umemwamulia mtu. Mwombe mwenzako asiyeijua kesi afanye zoezi hilo kwenye tafsiri pekee, kwa kuwa wewe tayari unajua ni Asha, na macho yako yatamwona Asha hata pale ambapo hayumo.