Kabla hujapokea kazi ya kuchapa: chunguza gumba lako kwanza

Kama una mtihani wa kuchapa wiki ijayo, au umekubali kuandika barua za watu wengine, yako mambo ya kuweka sawa kabla hujagusa kibodi. Mengine ni mepesi na nitayapita mbio. Moja liliniumiza, hilo tutakaa nalo.

Kiti kwanza. Viwiko viwe usawa wa meza, viganja visilale juu ya kibodi. Kisha tafuta vile vinundu viwili kwenye F na J kwa vidole vya shahada, bila kuangalia chini. Ukiona maandishi yako yamejaa m mahali pa n, au p mahali pa o, usijilaumu kwa tahajia: mkono wako umehama kitufe kimoja pembeni. Urudishe kwenye kinundu, uendelee.

Sasa chukua ukurasa wowote wa Kiswahili, chapa maneno 300 kwa kasi yako ya kawaida, na usiguse kitufe cha kufuta hata mara moja. Itakuuma kuyaacha makosa yakikutazama, lakini kitufe hicho ndicho kinachokuficha ugonjwa wako. Ukimaliza, linganisha na ukurasa na uweke alama: P kwa herufi zilizopishana, J kwa herufi jirani, N kwa nafasi iliyorukwa au iliyokaa pasipo pake. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilipata makosa 17. J zilikuwa 3, P zilikuwa 5, na N zilikuwa 9. Miaka yote nilidhani tatizo langu ni herufi, kumbe ni gumba.

Na hapo nilikuwa nimeshaumia. Nilikuwa nikimwandikia bosi wangu barua kwa mwenye mzigo. Sentensi ilitakiwa kuwa: "Mteja amekubali masharti yako yote, hata kulipa nusu kabla ya kupokea mzigo." Kilichotoka ni: "Mteja amekubali masharti yako yote, hatakulipa nusu kabla ya kupokea mzigo." Nafasi moja tu imeliwa. Kikagua tahajia hakikupiga mstari mwekundu, kwa sababu "hatakulipa" ni neno halali kabisa. Bosi alisoma harakaharaka akaona alichotarajia kuona, akatia sahihi. Mwenye mzigo akasoma kilichoandikwa. Akazuia mzigo siku tatu, na alipopiga simu swali lake lilikuwa moja: "Sasa huyo mtu wenu amekubali masharti gani?" Sikuwa na jibu. Ilibidi nisimame nyuma ya bosi nimwonyeshe kwa kidole pale nafasi ilipopaswa kuwa.

Nilirudi nikaichapa "hata kulipa" polepole, mara nyingi, nikiangalia vidole. Angalia mwenyewe: t na a ni za mkono wa kushoto. Halafu nafasi, k na u zote zinaangukia mkono wa kulia: gumba, kidole cha kati, cha shahada, mfululizo. Mkono wa kushoto umemaliza kazi yake, wa kulia una vibonyezo vitatu vya haraka, na kidole cha kati kina hamu ya ile k. Gumba linapapasa tu ukingo wa kitufe, halifiki chini. Nafasi haitoki.

Kiswahili kinakutega zaidi hapo, maana maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na a ndiyo inayojirudia mno. Herufi hiyo iko chini ya kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Ndiyo maana utaona "alikuw ana" badala ya "alikuwa na": gumba lenye nguvu limemtangulia kidole kidogo mlangoni. Herufi zinazopishana ni ugonjwa uleule. Kwa kawaida hupishana zile za mikono miwili tofauti, kila mkono ukienda kwa saa yake. "Au" hugeuka "ua" kwa sababu kidole cha shahada cha kulia kinafika kabla ya kile kidogo cha kushoto. "Piga simu ua subiri" nimewahi kuituma, na namshukuru aliyeipokea kwa kucheka.

Kwa hiyo usifanye mazoezi ya neno mojamoja. Kosa haliko ndani ya neno, liko kwenye kizingiti kati ya neno na neno. Chapa vipande vya mpakani:

```
ta ku ta ku ta ku
wa na wa na wa na
au la au la au la
```

Tumia metronomu, kile kifaa cha kupiga mapigo kwa mwendo mmoja; ile ya simu inatosha. Iweke kwenye mapigo 60 kwa dakika, kila pigo kitufe kimoja, na nafasi ihesabiwe kama herufi kamili yenye pigo lake. "Ta ku" ni mapigo matano, si manne. Kasi hiyo ni sawa na maneno 12 kwa dakika, kwa kuwa katika majaribio ya kuchapa neno moja huhesabiwa kuwa vibonyezo vitano. Utachoka kwa uvivu wake. Kaa hapohapo mpaka umalize dakika mbili bila kosa, ndipo upande mapigo 10. Ukikosea mara mbili mfululizo, shuka. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Ukizidisha, vidole vinachoka na unaanza kufanyia mazoezi makosa yenyewe.

Lakini usiishie kwenye polepole. Mtu anapochapa kwa kasi, kidole cha pili huanza safari kabla cha kwanza hakijamaliza, na mpishano huo wa miendo haupo kabisa kwenye mapigo 60. Wengi huwa wasafi kwenye mazoezi, wakirudi kazini makosa yanarudi nao. Maliza kila kikao kwa dakika mbili za kasi yako halisi, kwenye sentensi nzima, kisha hesabu N na P tena. Hesabu hiyo ndiyo ya kuiamini. Na kama nafasi inakosa kutoka hata ukibonyeza kwa makusudi, bonyeza kitufe chake katikati, kisha kushoto, kisha kulia. Kikikwama upande mmoja, basi kibodi ndiyo mbovu, hakuna zoezi litakaloiponya.

Kabla ya kutuma, tengeneza orodha ya maneno yako hatari, yale ambayo yakikosewa yanabaki kuwa maneno. Yangu ni machache. Bonyeza Ctrl+F utafute "hataku", usome kila inapotokea. Tafuta " ua " ikiwa na nafasi pande zote mbili, na " nia ", maana "ina" hupinduka ikawa hivyo. Inachukua dakika moja. Kisha soma kwa sauti, tena ukianzia sentensi ya mwisho kurudi juu, ili akili isikusomee ulichokusudia.

Namba za akaunti zisome tarakimu moja moja, maana hazina kamusi ya kukuokoa. Ukiwa na jumla mbili zisizolingana, gawanya tofauti yake kwa 9. Ikigawanyika sawasawa, shuku tarakimu mbili zilizopishana, kama 5,400 iliyoandikwa 4,500. Majina ya watu mwombe mwenyewe akuandikie. Usichape barua ya fedha ukiwa na njaa. Wala kwenye kibodi ya kuazima. Wala mtu akiwa amesimama nyuma yako akisema ana haraka.