Soma ripoti ya maneno ya utafutaji kabla korosho hazijakula bajeti yako

Dada mmoja wa Chuno, hapa Mtwara, anauza korosho zilizobanguliwa. Anapakia kilo moja moja kwa wateja wa rejareja, na kilo ishirini kwa wenye maduka wa Dar es Salaam. Alinipigia akasema, "Mdogo wangu, hela ya tangazo inaisha kila siku saa nne asubuhi, ila WhatsApp iko kimya." Tulikaa mchana mzima na laptop yake, na yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya. Natumia Google Ads, kampeni ya kawaida ya utafutaji. Kama kampeni yako ni ya aina nyingine, skrini yako itatofautiana kidogo.

1. Fungua ripoti

Ingia `Campaigns`, kisha `Insights and reports`, kisha `Search terms`. Fanya hivi kwenye kompyuta. Kwa simu utaona mistari miwili mitatu, ukate tamaa, uache.

Weka siku 30 zilizopita. Kwa biashara ya korosho, fungua pia Oktoba hadi Desemba ya mwaka jana kama akaunti ilikuwepo. Ukisoma ripoti ya Aprili peke yake hutamwona mkulima hata mmoja anayeulizia mnada, utadhani akaunti ni safi, halafu msimu ukifunguka unaliwa.

2. Usichanganye safu mbili

`Search term` ni kile alichoandika mtu kwenye Google. `Keyword` ni neno muhimu ulilonunua wewe. Safu ya `Keyword` mara nyingi imefichwa. Iwashe kwenye `Columns`. Bila hiyo utaona uchafu bila kujua mlango ulioingilia. Kwa dada yangu, karibu uchafu wote uliingia kwa mlango mmoja: `bei ya korosho`, lililowekwa kwa ulinganifu mpana, yaani bila alama zozote.

Panga mistari kwa `Cost`, kubwa juu. Usipange kwa mibofyo.

3. Jua kwamba huoni kila kitu

Chini ya jedwali kuna mistari ya jumla, na mmoja wake unahusu maneno mengine ambayo hayakuorodheshwa. Tangu Septemba 2020 Google huonyesha tu maneno yaliyotafutwa na watu wa kutosha. Kwa dada, kati ya shilingi 180,000 za mwezi ule, shilingi 59,000 zilikuwa kwenye fungu hilo la gizani. Hakuna kitufe cha kulifungua. Unalipunguza kwa kubana maneno muhimu yako yasiwe mapana mno, basi.

4. Soma kwa neno moja moja, usisome kwa mstari

Mistari ilikuwa zaidi ya mia mbili, mingi ya mbofyo mmoja mmoja. Ukiihukumu mstari kwa mstari, kila mmoja unaonekana mdogo, haudhuru. Madhara yanaonekana ukiuliza: neno hili moja, popote lilipotokea, limekula kiasi gani?

Pakua ripoti, ifungue kwenye Google Sheets (mimi siachi Sheets, hayo mazana ya kulipia sioni kazi yake kwa akaunti ndogo). Kama maneno yaliyotafutwa yako safu A na gharama iko safu F:

```
=SUMIF(A:A,"*nada*",F:F)
```

Nimeandika `nada` bila mwanzo kwa makusudi, ili inase mnada, minada na mnadani kwa pamoja. Itanasa hata "Kanada", kwa hiyo tupa jicho kabla ya kuamini jumla. Rudia kwa maneno mengine yanayojirudia machoni mwako.

Kati ya shilingi 121,000 zilizoonekana, tulipata hivi. Wakulima na madalali wanaofuatilia soko, kwa maneno kama "bei ya korosho leo mnadani", "minada ya korosho Tandahimba" na "stakabadhi ghalani korosho", walikula shilingi 38,500. Wanaosoma afya, "faida za korosho mwilini" na wenzake, shilingi 17,200. Wa shamba na mashine, "miche ya korosho", "salfa ya korosho", "mashine ya kubangua", shilingi 14,600. Jumla shilingi 70,300 bila ujumbe hata mmoja wa WhatsApp. Shilingi 50,700 zilizobaki ndizo zilizoleta wateja wote tulioweza kuwafuatilia.

Wakulima hawa hawana kosa. Kwa mtu wa Newala, "bei ya korosho" ni bei ya korosho ghafi kwenye mnada. Kwa mama wa Sinza ni bei ya kilo iliyokaangwa. Maneno ni yale yale, watu ni wawili, na Google haijui tofauti mpaka umwambie.

5. Maneno ya kuzuia (hapa ndipo nilipoungua)

Soma hatua hii mara mbili. Mimi ilinigharimu siku mbili na nusu na aibu kubwa mbele ya dada.

Nilipoona "bei" inajirudia kwenye uchafu mwingi, nikatia tiki mistari, nikabofya `Add as negative keyword`, nikafuta mengine nikaacha neno moja: `bei`. Bila alama. Nikaenda kulala nimeridhika. Kesho yake tangazo lilionekana nusu ya kawaida, keshokutwa vivyo hivyo. Nikahangaika na kadi ya malipo, nikapandisha dau, nikabadilisha tangazo. Kumbe nimemfungia mlango kila mteja anayeuliza bei, na Mtanzania anayetaka kununua ataanza na nini kama si bei?

Ubaya ni kwamba ripoti haikuonyeshi ulichokizuia. Kilichozuiwa hakizai mstari. Mfumo ulinipa onyo la mgongano kwenye `Recommendations`, ila kwa neno muhimu lenye "bei" ndani yake tu. Neno letu lingine, `"korosho dar es salaam"`, halikupewa onyo lolote kwa sababu halina "bei", ingawa kila aliyeandika "korosho dar es salaam bei gani" alikuwa anakataliwa. Kwa hiyo kukosa onyo si ushahidi kwamba uko salama. Kilichoniokoa ni `Ad preview and diagnosis`: unaandika swali kama mteja, unachagua mahali, inakuambia kama tangazo limezuiwa na kwa nini. Siku hizi nikiweka maneno ya kuzuia naandika humo maswali matano ya wateja halisi niliyoyatoa WhatsApp, palepale, kabla sijafunga laptop.

Ulinganifu wa kuzuia hauko sawa na ule wa kununua. Bila alama, linazuia swali lolote lenye maneno hayo yote, kwa mpangilio wowote. Kwenye alama za nukuu, linazuia swali lenye maneno hayo yakiwa yamefuatana hivyo hivyo. Kwenye mabano ya mraba, linazuia swali hilo tu, bila neno la ziada. Neno likiwa moja, hakuna tofauti kati ya kuliacha bila alama na kuliweka kwenye nukuu. Mimi huweka nukuu hata hivyo, ili nikirudi baada ya miezi nijue niliweka kwa makusudi.

Jambo la pili ndilo linalotuhusu sisi tunaotangaza kwa Kiswahili. Unaponunua neno, Google hujitahidi kukuletea yanayokaribiana nalo. Unapozuia, haifanyi hivyo: wingi na visawe havimo. Tangu 2024 makosa ya tahajia yanashughulikiwa, lakini "minada" si kosa la "mnada", ni neno jingine. Kiswahili chetu hubadilika mbele kwenye wingi na nyuma kwenye mahali, kwa hiyo kila umbo liandike mwenyewe:

```
"mnada"
"minada"
"mnadani"
"mche"
"miche"
"ghafi"
"stakabadhi"
"salfa"
"faida za korosho"
"mashine ya kubangua"
"mashine za kubangua"
[bei ya korosho leo]
```

Angalia la mwisho. Sikuzuia "leo" lenyewe, kwa sababu "korosho za kukaanga naomba leo Kariakoo" ni mteja aliyeshika hela. "Bei ya korosho leo", bila neno la ziada, kwenye ripoti yetu ilikuwa na mibofyo 31 na ujumbe sifuri, hivyo nikaifungia yenyewe kwa mabano. Wala sikuzuia "Newala" na "Tandahimba", maana wapo wa Dar wanaotafuta korosho kwa jina la zinakotoka.

"Ubanguaji" niliiacha kwanza. Ilikuwa na mibofyo miwili, na kwa mibofyo miwili siwezi kuhukumu. Kanuni yangu ni hii: neno ambalo maana yake haiwezi kabisa kuwa mteja, kama "miche", nalizuia hata kwa mbofyo mmoja. Neno lenye utata nalisubiri lifikishe mibofyo kama ishirini, au gharama ya kilo moja anayouza dada.

Weka orodha kwenye ngazi ya kampeni. Ukiulizwa kundi la matangazo, kataa, isipokuwa una sababu.

6. Maneno mapya

Hapa watu huchukua kila kilichofanya vizuri na kukiongeza. Si lazima. Kama "korosho za kukaanga dar" tayari inaingia kupitia neno lako kwa bei nzuri, kuiongeza hakubadilishi kitu. Ongeza pale ambapo mteja ni mwingine na anastahili tangazo lake.

Sisi nafasi hiyo tuliipata karibu na mkia wa jedwali: "korosho vipande kilo", "korosho zilizokatika bei ya jumla", "korosho vipande vya keki". Jumla mibofyo tisa, ujumbe tatu. Dada akacheka, vipande alikuwa anawagawia majirani au kuwauzia wakaanga kashata kwa bei ya kutupa. Kumbe waoka keki wa Dar wanavitafuta, wao hawana haja na korosho nzima wakati wataisaga.

Tukafungua kundi jipya la matangazo lenye `"korosho vipande"` na `"korosho zilizokatika"`, tangazo likianza na neno vipande na bei ya kilo tano. Halafu kwenye kundi la zamani tukazuia `"vipande"`, hii ndiyo ile sababu ya ngazi ya kundi niliyoisema, ili mwoka keki asionyeshwe tangazo la korosho nzima akaona ghali akaondoka.

Na lile `bei ya korosho` la ulinganifu mpana tulilisimamisha, mahali pake tukaweka `"bei ya korosho za kukaanga"` na `"bei ya korosho zilizobanguliwa"`.

7. Rudi

Kila wiki msimu wa mnada ukiwa wazi, kila wiki mbili miezi mingine. Tuliporudi mara ya kwanza tulikuta "mabibo", "juisi ya mabibo" na "uraka unatengenezwaje". Mabibo tumezuia. Uraka dada kasema tuuache kwanza, anataka kujua ni akina nani wanauliza.