Vifurushi vitatu vya gigi yako ya transkripsheni: namna ya kuvipanga visikule mwenyewe

Wakuu, hii nawaandikia wale mnaofanya transkripsheni ya sauti za Kiswahili Fiverr. Wengi nawaona mnarudia kosa nililolifanya mimi: Basic dakika 10, Standard dakika 20, Premium dakika 60, kazi ile ile tu imeongezewa urefu. Mimi niliweka dola 8, 14 na 30. Siku moja nikakaa na kalamu. Ile ya dakika 60 ilinila saa tano na dakika 20, na Fiverr wanakata asilimia 20, kwa hiyo dola 30 inakuja mkononi 24, yaani kama dola 4 na nusu kwa saa. Ya dakika 10 ilikuwa inanipa kama dola 5 na nusu kwa saa. Yaani mteja akinunua kifurushi kikubwa mimi ndo napata kidogo, sasa hapo unauza nini?

Akili ilikuja kunikaa sawa pale Kibirizi, huku kwetu Kigoma, nanunua mgebuka. Yule mama akaniuliza, "Mwanangu, unamchukua hivi hivi, nikuparie, au nikukaangie kabisa ukale?" Samaki ni yule yule mmoja, bei tatu, na tofauti ni kazi ameifikisha wapi kabla sijaondoka. Vifurushi ndo vinatakiwa viwe hivyo.

Hatua ya 1: pima muda wako kwanza, bei baadae

Chukua faili la dakika 20 uliloshafanya, lifanye tena ukiwa na saa. Kwangu mimi dakika moja ya sauti safi, watu wawili wanaongea kwa zamu, inakula dakika tano za kazi, halafu kila oda ina kama dakika 20 za kupakua faili, kujibu meseji na kupanga dokyumenti, ambazo wengi hawazihesabu kabisa. Watu wanne wakikaa kwenye kikao wanadakiana maneno, ile tano inakua nane mpaka kumi. Ndo maana kwenye kifurushi lazima uandike idadi ya watu, mi naandika "watu wawili, sauti safi", maana dakika peke yake haisemi kitu.

Hatua ya 2: urefu uwe mmoja, kinachobadilika ni umaliziaji

Mimi vyote vitatu nimeweka dakika 20. Basic ni maandishi masafi, zile "eeeh" na "yaani yaani" nimetoa, basi. Standard naongeza majina ya wasemaji, alama za muda kila dakika, na nasikiliza faili lote mara ya pili nikifuata maandishi. Premium ni hiyo Standard pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Lengo langu ni dola 6 mkononi kwa saa, wewe weka lako. Basic ni dakika 100 za kuandika na zile 20 za oda, saa mbili, dola 12, ukigawa kwa 0.8 inakuja 15. Standard inaongeza kama dakika 20 za majina na alama, na 40 za kusikiliza na kurekebisha, inakuwa saa tatu, dola 18, ukigawa inakuja 22.5, mi nikaweka 25. Premium ndo watu wanaogopa. Dakika 20 za maongezi kwa kasi ya maneno 110 kwa dakika ni kama maneno 2,200, mi natafsiri kama 370 kwa saa, hizo ni saa sita zaidi. Jumla saa tisa, dola 54, ukigawa 67.5, nimeweka 70. Usishtuke kwamba kutoka 25 unaruka mpaka 70, mtu anayetaka tafsiri anajua ni kazi nyingine, na ukiiweka 40 ili ngazi zionekane zimepangana vizuri utakuwa unamfanyia bure.

Hatua ya 3: ekstra

Hapa ndo penye shughuli. Ekstra ni kitu ambacho wachache wanakitaka na hakibadilishi kazi nzima. Kama kila mteja wa Basic anakuomba kitu kile kile, hicho sio ekstra, kihamishie Standard.

Ukishaziandika fanya hesabu hii: Basic jumlisha ekstra zinazoifanya ifanane na Standard. Mwanzo niliuza majina na alama za muda kwa dola 4, kusikiliza mara ya pili dola 5. 15 na 4 na 5 ni 24, Standard ilikuwa 25, kwa hiyo Standard ilikuwa imekufa na sikujua, watu wanajijengea wenyewe kwa bei ya chini. Sasa hivi ni 7 na 8, jumla inafika 30, na mteja mwenyewe anaona bora achukue Standard.

Dakika za ziada nauza kumi kumi, dola 10. Kwenye Standard dakika 10 zinanila dakika 80 za kazi, dola 8 mkononi, inakaa sawa. Lakini kwenye Premium dakika 10 zina maneno 1,100 ya kutafsiri, karibu saa tatu juu ya hizo 80, ukiuza kwa dola 10 umeumia. Kwa hiyo kwenye jina la ekstra naandika "kwa Basic na Standard tu", wa Premium anitumie meseji nimpigie hesabu yake, namtumia ofa maalum.

Ya haraka, ile Extra fast delivery, naiweka kwa Basic na Standard, saa 24, dola 10. Premium hapana. Kazi ya saa tisa ndani ya saa 24 halafu umeme wa hapa Mwanga ukatike jioni, utaenda kumuelezea nini mteja wa Oslo?

Ekstra nyingine ninayoipenda ni ya Kiha. Watafiti wakihoji wazee wa huku vijijini, mzee anaanza kwa Kiswahili, akinogewa anahamia Kiha, na mtu wa Dar hawezi kuifanya hiyo. Kama unajua lugha ya kwenu iuze kivyake, usiifiche ndani ya Basic.

Kusahihisha kosa lako mwenyewe usiuze, hiyo ni deni lako. Unachouza ni mteja kubadili mawazo, mfano alitaka maandishi masafi sasa anataka kila "eeeh" irudi.

Oda moja ilivyoenda

Mtafiti ana mahojiano ya dakika 45, watu wawili, anataka Standard. Dakika 20 zimo, zimebaki 25, akanunua ekstra tatu za kumi kumi: 25 na 30, dola 55, mkononi 44. Kazi ilikuwa dakika nane kwa kila dakika ya sauti, 360, na zile 20, saa sita na dakika 20. Karibu dola 7 kwa saa. Unaona sasa, oda kubwa imenilipa vizuri kuliko ndogo, kinyume na zamani.

Kabla hajalipa nilimuomba anitumie faili nisikilize dakika mbili za katikati, sio za mwanzo. Mwanzoni watu wanakaa karibu na simu, ikifika katikati mtu ameshaegemea ukuta na kuku wanalia.