Jinsi ya kupinga alama ya tathmini kabla haijageuzwa shtaka la nidhamu

Alama ya tathmini ya utendaji kazi inaweza kupingwa, na wakati mzuri ni kabla ya barua ya kujieleza. Barua hiyo ikishafika, alama huchukuliwa kama jambo lililokwisha thibitika, nawe unaulizwa tu kwa nini ulishindwa.

Anza na fomu yenyewe. Usikatae kutia saini, maana kukataa kunaweza kuhesabiwa ukaidi, ukawa umewapa kosa ambalo hawakuwa nalo. Tia saini, kisha andika pembeni: "Nimepokea. Sikubaliani na alama ya lengo la 2, maelezo yatafuata." Weka tarehe na ubaki na nakala.

Siku hiyohiyo soma kanuni za utumishi za mwajiri wako: rufaa inapelekwa kwa nani, na ndani ya siku ngapi? Muda huwa mfupi. Kama kanuni hazitaji rufaa ya tathmini, tumia utaratibu wa malalamiko.

Kisha omba kwa maandishi malengo mliyokubaliana mwanzoni mwa mwaka, na kumbukumbu alizotumia msimamizi kukupa alama. Hapa ndipo kesi nyingi hushindwa au kushinda. Chukua karani wa hesabu ambaye lengo lake lilikuwa kufunga hesabu kufikia tarehe 5 ya kila mwezi. Lengo hilo lina uzito wa asilimia 40. Amepewa 2 kati ya 5, kwa maelezo kwamba "huchelewa mara kwa mara", na jumla yake ni 2.3, chini ya kiwango cha 3 kinachohitajika. Barua pepe alizotuma zinaonyesha alifunga kwa wakati miezi 10 kati ya 12. Katika miezi miwili iliyobaki mfumo ulikuwa umezimika, na taarifa alitoa. Lengo hilo likipanda hadi 4, jumla inaongezeka kwa 0.8 na kufika 3.1.

Rufaa yake inahitaji ukurasa mmoja tu: lengo, maneno ya msimamizi, jedwali la tarehe alizofunga hesabu katika miezi yote 12, na alama anayoomba. Asiongeze kwamba msimamizi hampendi, hata kama ni kweli. Anayesikiliza rufaa hurekebisha kwa urahisi kosa la ukweli au la utaratibu. Maoni kama "hana ari" ni magumu kuyang'oa, isipokuwa yawe yanapingana na kumbukumbu.

Malizia barua na ombi hili: "Naomba alama hii isitumike katika hatua yoyote ya kinidhamu hadi rufaa itakapoamuliwa." Si kila mwajiri anabanwa na ombi hilo, lakini linabaki kwenye faili lako. Ipeleke ofisi ya utumishi, upate muhuri wa kupokelewa.

Barua ya kujieleza ikija rufaa ikiwa bado haijaamuliwa, usinyamaze ukisubiri. Jibu ndani ya muda uliopewa, ambatisha rufaa yenye muhuri, na useme wazi kwamba alama inayotegemewa bado ina mgogoro.