Kununua kiwanja na mchumba: mchango wa kila mmoja uandikweje

Wachumba wengi wanaokuja ofisini kwangu hapa Dar es Salaam wanakuja kiwanja kimeshanunuliwa, na mkataba wa mauziano una jina moja tu. Mwingine ana meseji za miamala kwenye simu, basi. Wanaowahi ninawapitisha hatua hizi.

1. Majina mawili kwenye mauziano. Kama kiwanja kimepimwa, fanyeni kwanza upekuzi kwa msajili wa hati. Kama hakijapimwa, ongeeni na majirani wa mipaka yote na serikali ya mtaa. Kisha wote wawili muandikwe wanunuzi, majina yakiwa kama yalivyo kwenye vitambulisho. Aliyesaini kama shahidi si mnunuzi, hata kama nusu ya hela ni yake.

2. Tajeni hisa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, umiliki ambao mmoja akifariki mwenzake anabaki na chote ni wa wanandoa. Nyinyi bado mnamiliki kwa hisa, na kila hisa lazima iwe na kiwango chake. Hisa ya marehemu inakwenda kwa warithi wake, na mchumba si mmoja wao. Anayetaka mwenzake aipate aandike wosia.

3. Mkataba wenu wawili. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu ujenzi hubadilisha hesabu. Tuseme kiwanja ni milioni 12: kijana ametoa 7, binti 5. Msingi ukala milioni 8, binti akatoa 6 na kijana 2. Jumla ni milioni 20, na sasa binti ana 11, yaani asilimia 55, wakati karatasi ya kiwanja bado inamwonyesha kijana ndiye mwenye kubwa. Kwa hiyo mkataba useme hisa zitapigwa upya kila hatua ikiisha: msingi, kuta, kupaua, umaliziaji. Mnasaini ukurasa mmoja wa hesabu, na nyumba ikikamilika hisa za mwisho zinapelekwa kusajiliwa.

Anayesimamia mafundi kila siku naye anachangia. Kubalianeni thamani ya kazi hiyo mapema. Baadaye haikubaliki kirahisi.

4. Lipeni kwa njia inayoacha alama. Benki au simu, risiti ya saruji na nondo iwe na jina la aliyelipa, na fundi asaini kila anapopokea taslimu. Mahari msiichanganye humu.

5. Mkiachana. Andikeni nani ana haki ya kwanza ya kumnunua mwenzake, kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa, na ndani ya siku ngapi. Mimi huweka 90. Zikipita, kiwanja kinauzwa na hela inagawanywa kwa hisa.

Msitegemee kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachowadhania kuwa ni wanandoa watu waliokaa pamoja miaka miwili. Dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani, na wachumba wanaoishi kila mmoja kwao haiwagusi.