Breka 11, nyutro 10: jinsi ninavyopanga bodi ya umeme ya fezi tatu

Kijana mmoja ninayemfundisha kazi aliniomba nikamtazamie bodi aliyokuwa ameanza kuipanga. Tatizo lilikuwa breka kuu. Ilikuwa inakata karibu kila jioni, na yeye alikuwa ameshaamua kuhamisha saketi tano kwa mkupuo mmoja. Nilimzuia. Kabla ya kuhamisha chochote kwenye bodi ya fezi tatu lazima ujue nyutro ya kila saketi imefungwa wapi. Kama huna leseni ya umeme, soma ili uelewe fundi wako anafanya nini, ila usifungue kifuniko. Hata swichi kuu ikizimwa, skrubu zake za upande wa kuingilia bado zina moto.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa

Chukua mita ya klampu upime ampea za fezi tatu, yaani L1, L2 na L3, na za nyutro kuu saa ambayo matumizi yako juu. Ukipima saa nne asubuhi watu wakiwa kazini, utapanga bodi ya nyumba tupu. Sisi tulipima jioni kila kitu kikifanya kazi: L1 ilisoma 31, L2 ikasoma 9, L3 ikasoma 6, na nyutro 24.

Hiyo 24 ya nyutro ndiyo inayoeleza hali ya bodi. Fezi tatu zikibeba mzigo sawa, mikondo yake inafutana kwenye nyutro. Kisichofutana ndicho kinachorudi kwa waya huo. Hapa fezi moja ilikuwa imebeba mzigo, nyingine mbili zikitazama.

Hatua ya 2: Lebo

Zima breka moja, pita nyumba nzima uone kilichokufa, andika, washa, nenda inayofuata. Andika chumba na kifaa. "Soketi" peke yake haimsaidii mtu anayekuja usiku na tochi.

Mimi siandiki kwenye kifuniko cha mbele. Vifuniko vya bodi mbili zilizo jirani hubadilishana siku ya kupaka rangi, na tangu hapo lebo zinadanganya. Andika kwenye karatasi ndani ya mlango, kisha weka namba kwenye waya wenyewe: laivu ya saketi ya 4 ipewe 4, nyutro yake 4, ethi yake 4. Vipete vya plastiki vyenye namba ndivyo ninavyovipenda, kwa sababu karatasi ya gundi hukauka kwa joto la bodi na kudondoka.

Hatua ya 3: Tafuta nyutro ya kila saketi

Hapa usiwe na haraka. Miaka ya nyuma sehemu hii ilinila siku nzima, nyumbani kwangu mwenyewe.

Nilikuwa nimefunga kinga mbili za uvujaji, zile zenye kitufe cha majaribio kilichoandikwa T. Moja ilikuwa ya chini, nyingine ya ghorofani, kila moja na baa yake ya nyutro. Kila kitu kilikuwa sawa hadi mtu alipowasha taa ya ngazi, kinga ikakata. Nilibadilisha taa, nikabadilisha swichi, nikaishuku kinga yenyewe. Kumbe aliyefunga nyaya zamani alichukua laivu ya taa ile kutoka saketi ya chini na nyutro kutoka saketi ya juu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Mkondo ulitoka kwa kinga moja ukarudi kwa nyingine. Kinga hulinganisha kinachotoka na kinachorudi, na ile ya miliampea 30 haivumilii tofauti ya taa moja tu.

Siku hizi ninaanza kwa kuhesabu. Bodi ya kijana ilikuwa na breka 11 zenye saketi, lakini kwenye baa ya nyutro tulikuta nyaya 10. Mahali fulani saketi mbili zilikuwa zinatumia nyutro moja. Hesabu ikilingana nayo usiiamini moja kwa moja, kwa maana nyutro inaweza kuazimwa ndani ya kisanduku cha kuungia kilicho darini.

Kipimo cha pili ni klampu. Fumbata laivu na nyutro ya saketi moja pamoja ndani ya taya za mita huku saketi ina mzigo. Mikondo miwili inayopishana inafutana, kwa hiyo mita inatakiwa isome sifuri au karibu nayo. Ikisoma ampea 1 au 2, sehemu ya mkondo inarudi kwa njia nyingine: nyutro ya jirani, au ethi. Bodi ikiwa wazi na ina moto, fanya hivyo kwa glavu za umeme, na klampu ikiwa ndicho kitu pekee kinachoingia ndani.

Kipimo cha tatu ni cha bodi iliyozimwa. Zima swichi kuu, hakikisha hakuna moto, zima breka zote, toa nyutro zote kwenye baa, kisha pima kwa multimita kati ya nyutro moja na nyingine. Nyutro mbili zikionyesha ukinzani wa karibu sifuri, zimeunganishwa mahali. Pima pia kila nyutro dhidi ya ethi. Nyutro ikigusa ethi baada ya kinga ya uvujaji, kinga inaweza kukata hata breka zote zikiwa chini, na fundi asiyejua hilo atanunua kinga mpya bure.

Nasisitiza swichi kuu kwa sababu maalumu. Watu huzima breka ya saketi moja, wakaona yatosha kuchomoa nyutro yake. Kama nyutro hiyo inatumiwa na saketi nyingine ambayo bado inawaka, ncha unayoishika inapata volti kamili kupitia kifaa kilichowashwa upande wa pili. Waya wa bluu, rangi ya nyutro, breka imezimwa, na bado unakupiga. Rangi nayo isikutulize, maana katika mfumo wa zamani wa Kiingereza bluu ilikuwa fezi.

Kuhakikisha kwamba umeme haupo, tumia testa ya ncha mbili: ijaribu mahali penye moto, pima bodi, kisha rudi ujaribu tena pale penye moto. Bisibisi yenye kitaa sina imani nayo. Isipowaka, hujui kama umeme umekatika au kitaa kimekufa.

Waliochangia nyutro kwenye bodi yetu walikuwa soketi za sebule zilizo L2 na soketi za vyumba zilizo L3.

Hatua ya 4: Kugawa mzigo

Tulipima kila saketi peke yake. Kwa ampea, L1 ilikuwa na hita ya maji 13, oveni 9, pampu 5, soketi za jikoni 2 na taa za chini 2. L2: kiyoyozi 6, soketi za sebule 2, taa za juu 1. L3: mashine ya kufua 3, soketi za vyumba 2, taa za nje 1.

Tulihamisha mbili tu. Oveni ilikwenda L2, pampu ikaenda L3. Hesabu ikawa L1 17, L2 18, L3 11, na nyutro ikashuka kimahesabu hadi kama 7. Kijana akaona kwamba tukiisogeza sebule kwenda L3 tunapata 17, 16 na 13, na alitaka kufanya hivyo hapohapo.

Angefanya hivyo, sebule na vyumba vingekuwa fezi moja na nyutro moja. Zikiwa fezi tofauti, mikondo ya soketi hizo inafutana kwa sehemu kwenye waya wao mmoja. Zikiwa fezi moja, inajumlishana. Kila moja ya saketi hizo mbili ina breka ya ampea 20, kwa hiyo nyutro ya milimita mraba 2.5 ingeweza kubeba hadi 40 bila breka yoyote kujua, kwani breka hizi zinaangalia laivu peke yake. Waya unapikwa ndani ya ukuta na kila kitu kinaendelea kufanya kazi hadi siku utakaponusa. Kwa hiyo kwanza tulivuta nyutro mpya ya soketi za vyumba hadi kwenye bodi. Sebule tuliiacha ilipokuwa. Usawa kamili haupo kwenye nyumba ambamo hita inajizima na kujiwasha yenyewe.

Kuhamisha maana yake ni kutoa laivu kwenye breka moja na kuifunga kwenye breka iliyo kwenye fezi nyingine. Breka jirani mara nyingi iko kwenye fezi nyingine, maana kwenye bodi nyingi basiba, ule upau wa chuma unaolisha breka, inapishana L1, L2, L3 halafu inaanza upya, ila thibitisha kwa testa. Breka mpya iwe na ukubwa ule ule wa zamani. Ukubwa wa breka unafuata waya, na waya wa taa ukiishia kwenye breka ya 32 kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa wazi, umeiharibu saketi ambayo haikuwa na kosa.

Hatua ya 5: Baa mbili

Nyutro ya saketi ya 1 kwenye tundu la 1, ya 2 kwenye la 2, na ethi vivyo hivyo kwenye baa yake. Waya mmoja, skrubu moja. Ukiwa na kinga zaidi ya moja, nyutro irudi kwenye baa ya kinga ileile inayolisha laivu yake. Usiunganishe baa ya nyutro na ya ethi ndani ya bodi ndogo. Muungano huo, pale unaporuhusiwa, unafanyika mahali pamoja tu kwenye chanzo cha umeme.

Angalia skrubu inabana shaba, isiwe imebana plastiki. Kaza kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, kisha vuta kila waya kwa mkono. Nyutro kuu ikaze ya mwisho na uirudie tena, kwa sababu ikilegea kwenye fezi tatu volti hazibaki 230. Fezi yenye mzigo mdogo inapanda, yenye mzigo mkubwa inashuka.

Hatua ya 6: Kuwasha

Chomoa televisheni, friji na kila chenye elektroniki. Washa swichi kuu, kisha saketi moja ya taa kwenye kila fezi, na upime volti kati ya kila fezi na nyutro. Fezi moja ikisoma 280 na nyingine 180, zima mara moja urudi kwenye nyutro kuu. Zikiwa karibu sawa, washa zilizobaki moja moja, kisha bonyeza kitufe cha T.

Jioni ile nyutro ilisoma 9, si 7. Sehemu ya tofauti hiyo inaletwa na vifaa vya elektroniki, taa za LED na chaja, ambavyo mikondo yake haifutani vizuri hata fezi zikilingana. Tuliandika 17, 18, 11 na 9 pamoja na tarehe kwenye karatasi ya mlangoni, chini ya orodha ya saketi, ili atakayepima mwakani awe na cha kulinganisha.